Maungamo ya Yom Kipur: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Yom Kipur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, huwa tarehe 10 ya mwezi wa Tishri. Mwaka 2026 inaingia Jumapili jioni tarehe 20 Septemba na kutoka Jumatatu usiku. Ukurasa huu unahusu kitu kimoja tu ndani ya siku hiyo: Vidui, yaani maungamo. Mfungo, mavazi na nyimbo tumevitaja pale tu vinapoyagusa maungamo yenyewe.

Vidui ina sehemu gani?

Ukifungua kitabu cha sala za siku hiyo utakutana na sehemu tatu zinazofuatana.

Kwanza kuna dibaji fupi. Mwenye kusali anamwambia Mungu kwamba hatuna uso mkavu wala shingo ngumu kiasi cha kudai mbele zako kuwa sisi ni wema na hatujakosa. Bali sisi na baba zetu tumekosa. Watu wengi huipita haraka ili wafike kwenye orodha, na hapo ndipo wanapopoteza kilicho muhimu kuliko vyote. Kwa mujibu wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, katika Yoma 87b, maneno hayo ya "bali sisi tumekosa" ndiyo kiini cha maungamo. Yanayofuata ni ufafanuzi wake.

Pili ni Ashamnu, orodha fupi iliyopangwa kwa herufi za Kiebrania kuanzia alef hadi tav. Alfabeti hiyo ina herufi 22, lakini makosa yanayotajwa ni 24, kwa kuwa herufi ya mwisho imetumiwa mara tatu.

Tatu ni Al Khet, orodha ndefu ambayo kila mstari wake unaanza na maneno "kwa kosa tulilokosa mbele zako". Katika mapokeo ya Ashkenazi, yaani ya Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kila herufi ina mistari miwili, kwa hiyo mistari ni 44. Baada yake huja mistari mingine michache inayotaja makosa kwa kufuata sadaka au adhabu iliyokuwa ikistahili zamani za Hekalu. Kila baada ya fungu la mistari kuna kiitikio cha kuomba: utusamehe, utuachilie, utufanyie upatanisho. Vitabu vya Sefardi, yaani vya Wayahudi wenye asili ya Hispania, kwa kawaida vina orodha fupi zaidi. Tumia kitabu cha sinagogi unaposalia, usije ukajikuta unatafuta mstari ambao wenzako hawanao.

Yanasemwa mara ngapi?

Mara kumi ndani ya siku yenyewe, na mara moja kabla haijaingia.

Hesabu yake ni nyepesi. Siku ina sala tano: Maariv ya usiku, Shakharit ya asubuhi, Musaf ya nyongeza, Minkha ya alasiri na Neila ya kufungia siku. Katika kila sala unaungama mara mbili. Mara ya kwanza ni peke yako, mwishoni mwa sala ya kimya ya kusimama iitwayo Amida. Mara ya pili ni pamoja na kiongozi wa sala anapoirudia kwa sauti. Usiku hakuna marudio ya Amida, kwa hiyo mara ya pili huingia katika maombi ya msamaha yanayofuata. Idadi ya kumi imefungamanishwa na kuhani mkuu, ambaye siku hiyo Hekaluni alilitamka Jina la Mungu mara kumi.

Mahali pa kuungama panatofautiana. Wewe unaungama baada ya baraka ya mwisho ya Amida, kabla ya kurudi nyuma hatua tatu. Kiongozi yeye huyaweka maungamo katikati ya sala. Anayefuata kitabu bila kujua hilo hudhani kurasa zimechanganyika.

Kwa nini mara ya kwanza ni kabla ya chakula cha mwisho?

Alasiri ya tarehe 9, kabla ya chakula cha kuingilia mfungo, husaliwa Minkha na ndani yake Vidui. Kwa asili wakati wa kuungama ni giza linapoingia. Lakini wenye hekima waliona hatari: mtu anaweza kupatwa na jambo mezani, akapaliwa au akalewa, na siku ikamkuta hajaungama. Wakaagiza aungame kwanza, ale, kisha aungame tena usiku. Maungamo haya ya alasiri ni ya kimya tu, kiongozi hayarudii.

Wengi huikosa sala hii kwa sababu wapo jikoni au barabarani. Panga chakula kiwe tayari mapema.

Kol Nidre si maungamo?

Hapana. Kol Nidre, inayofungua usiku, ni tamko la kisheria kwa Kiaramu la kutangua nadhiri. Haitaji kosa hata moja. Na nadhiri zinazohusika ni zile za mtu na Mungu wake. Ahadi uliyompa mtu mwingine, au deni lake, havitanguki kwa Kol Nidre.

Nisimame vipi, na kifua napiga vipi?

Vidui husemwa kwa kusimama, mgongo ukiwa umeinama kidogo. Usiegemee ukuta au kiti kiasi kwamba kikiondolewa utaanguka, maana kuegemea namna hiyo kunahesabiwa sawa na kukaa. Kiongozi akifika kwenye maungamo katika marudio, unasimama tena na kusema pamoja naye, hata kama ulishasema yako dakika chache zilizopita.

Kunja ngumi ya mkono wa kulia, gonga upande wa moyo kila unapotaja kosa: katika Ashamnu kwa kila neno, na katika Al Khet kwenye neno "tulilokosa" la kila mstari. Gonga polepole. Ngumi inauelekezea kidole moyo, kwamba huku ndiko kosa lilikoanzia. Haikusudiwi kuumiza, na anayejipiga kwa kishindo humpotezea jirani yake mstari.

Sijaiba. Kwa nini niseme tumeiba?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Jibu la kwanza limo katika maneno yenyewe: yote yako katika wingi. Unaungama kama sehemu ya jamii, na katika jamii yupo aliyeiba. Nafsi ya wingi inamsitiri pia, kwa kuwa hakuna anayejua mstari gani ni wa nani.

Jibu la pili linadai kazi zaidi. Kila neno ni mlango, na ndani yake mna vyumba vingi. Chukua neno *gazalnu*, tumenyang'anya. Talmudi, katika Berakhot 6b, inasema anayesalimiwa asiitikie huitwa mnyang'anyi. Walimu wa baadaye waliingiza hapo pia kumkatisha mtu usingizi wake. Ukiingia mlango huo kwa uaminifu ni nadra kutoka mikono mitupu.

Njia inayofaa ni kusoma orodha yote nyumbani siku mbili tatu kabla, penseli mkononi, na kuweka alama kwenye mistari mitano au sita inayokuhusu kweli. Kuandika ni mwiko siku yenyewe ya Yom Kipur, kwa hiyo kazi hii haiwezi kuahirishwa. Ukifika sinagogi utasema mistari yote 44, lakini kwenye ile yenye alama utajua unasema nini.

Nitaje makosa yangu mahsusi? Kwa sauti?

Talmudi ina mabishano juu ya hilo. Rabi Yehuda ben Bava alidai kosa litajwe kwa jina lake. Rabi Akiva akaona si lazima. Sheria iliyoandikwa katika Shulkhan Arukh, kitabu kikuu cha sheria za Kiyahudi, inafuata njia ya kati: si lazima, ila anayetaka kutaja ana ruhusa. Masharti ni kwamba ataje kwa kunong'ona. Kosa lililo kati yako na Mungu halitangazwi. Kulisema jirani akisikia ni kosa jingine, kwa sababu linaonyesha huoni haya.

Kwa anayeona kitabu hakitoshi, Maimonides, aliyeandika katika karne ya 12, aliweka muundo mfupi wa maungamo ya mtu binafsi. Unamwita Mungu, unasema umekosa, umepotoka na umeasi, unataja ulichokifanya, kisha unasema kwamba unajuta, unaona haya kwa matendo yako, na hutarudia kamwe. Ukivunja muundo huo unapata viungo vitatu: kutaja, kujuta, kuazimia. Kikikosekana cha tatu, anasema Maimonides, mtu huyo ni kama aliyeingia kwenye maji ya kujitakasa huku ameshika mnyama najisi mkononi. Hata maji yawe mengi namna gani, hatakasiki mpaka amtupe.

Nionyesheni mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mtu na mbia wake wenye duka. Katikati ya mwaka alificha shilingi 40,000 za mauzo. Hesabu zilipogoma, akawadokeza wateja wawili kwamba huenda mbia ndiye mwenye mkono mrefu. Sasa Yom Kipur imebaki siku saba.

Mishna, sehemu ya msingi ya Talmudi, katika Yoma 8:9, inaligawa jambo lake vipande viwili. Makosa ya mtu na Mungu, siku hii huyapatanisha. Makosa ya mtu na mwenzake, siku hii haiyapatanishi mpaka amridhishe mwenzake. Kwa hiyo hata akiungama mara kumi, fedha bado ni mzigo wake.

Hatua ya kwanza ni kurudisha shilingi 40,000, zote, kabla ya kuomba msamaha. Kuomba radhi huku fedha zingali mfukoni hakuna maana. Kama hana zote, alipe alichonacho na wakubaliane tarehe za salio.

Hatua ya pili ni kwenda mwenyewe kwa mbia wake na kumwambia alichokifanya. Ujumbe wa jumla wa kwenye simu, ule wa "kama nimekukosea popote, naomba unisamehe", hautoshi hapa. Aliyetumiwa hajui anasamehe nini.

Hatua ya tatu ni wale wateja wawili. Arudi kwao awaambie kwamba alichosema hakikuwa kweli. Watu hurukia msamaha wa aliyesengenywa na kusahau masikio yaliyousikia uzushi.

Kama mbia hajui kwamba alisingiziwa, aambiwe? Hapa wakubwa wamehitilafiana. Rabi Israel Meir Kagan, maarufu kama Khafetz Khayim, alitaka mtu aambiwe na kuombwa radhi. Rabi Israel Salanter alipinga: ikiwa kumwambia kutamtia uchungu mpya, huna haki ya kununua utulivu wako kwa maumivu yake. Katika mfano huu maneno yameshafika kwa watu wawili wanaomjua, na ana uwezekano mkubwa wa kuyasikia. Tunaona aambiwe. Penye uzushi uliokwisha kufa, mtu amuulize rabi wake.

Akimaliza hayo, ndipo Vidui inapata uzito. Katika Ashamnu atasimama kidogo kwenye *gazalnu*. Katika Al Khet mistari yake ni ule wa kumdhulumu mwenzake, wa kukana na kusema uongo, wa ulimi mbaya, na wa kuuza na kununua. Baada ya Amida atanong'ona kwa lugha yake: nilificha fedha za mbia wangu, nikamsingizia, najuta, sitarudia. Azimio lake litashika zaidi likiwa na kitu cha kushikika, kwa mfano kwamba daftari la mauzo litafungwa na watu wawili kila jioni.

Nimeomba msamaha, mwenzangu amekataa.

Nenda mara tatu, kila mara ukiwa na watu watatu na kwa maneno tofauti kidogo. Baada ya hapo hudaiwi tena, isipokuwa uliyemkosea awe mwalimu wako. Yeye unamrudia hadi akusamehe. Anayeombwa naye hapaswi kuwa mgumu.

Kama amefariki, sheria inataka uwapeleke watu kumi kaburini kwake na kusema: nimemkosea Mungu wa Israeli na mtu huyu. Fedha zake zinakwenda kwa warithi.

Wenzangu wanasoma haraka, naachwa nyuma. Nifanye nini?

Katika sala ya kimya hakuna anayekukimbiza. Soma kwa mwendo wako, na kama kiongozi ameshaanza marudio, endelea na yako hadi mwisho. Mistari 20 iliyosomwa ukiielewa ni bora kuliko 44 iliyobwabwajwa, na ikilazimu kufupisha, shika ile dibaji ya "bali sisi tumekosa" pamoja na Ashamnu.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloenea zaidi. Kufikia Musaf, midomo inakuwa imezoea. Ngumi inapanda na kushuka yenyewe huku akili ikihesabu saa zilizobaki. Waliotunga Al Khet waliliona hilo. Kwenye herufi ya vav waliweka mstari wa kuungama kosa la "maungamo ya kinywa", yaani kuungama kwa midomo tu. Orodha inajishtaki yenyewe katikati ya safari. Ukifika kwenye mstari huo na ukagundua kwamba huikumbuki mistari iliyotangulia, hiyo ndiyo alama yako. Simama, vuta pumzi, anza tena fungu lile.

Wengine hugawa mistari yao yenye alama kwa sala: usiku na asubuhi ya ulimi, Musaf na Minkha ya fedha na familia. Sheria haidai hivyo, lakini inasaidia mara ya saba isifanane na ya tatu.

Sijui Kiebrania. Naweza kuungama kwa Kiswahili?

Ndiyo. Mishna ya Sota, 7:1, inaitaja sala miongoni mwa mambo yanayosemwa kwa lugha yoyote, na maungamo kuliko sala nyingine yanahitaji kueleweka na anayeyasema. Nairobi, ambako sinagogi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1913, sala huendeshwa kwa Kiebrania. Abayudaya wa upande wa Mbale, Uganda, ambao jamii yao ilianza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, husali kwa Kiebrania na Kiganda. Msomaji wa Kiswahili anaweza kujifunza maneno 24 ya Ashamnu kwa Kiebrania ili aende sauti moja na wenzake, na kusema Al Khet ya kimya pamoja na maneno yake binafsi kwa Kiswahili.

Niliungama kosa mwaka jana na sijalirudia. Niliseme tena?

Maimonides anasema ndiyo, liungame tena hata kama umeshikilia toba yako. Talmudi ina maoni tofauti juu ya jambo hilo, na sheria inaruhusu kurudia. Tahadhari moja: usilifanye kosa la zamani lililokwisha kuwa kichaka cha kujifichia la mwaka huu.

Je, mgonjwa asiyeweza kufunga au kusimama?

Anayehatarishwa na mfungo anakula kwa amri ya sheria yenyewe, na Vidui yake haipungui kitu. Asiyeweza kusimama anaungama ameketi au amelala. Aliyedhoofu kabisa aseme tu "nimekosa". Kiini cha maungamo tumekwisha kukitaja.

Siku ikiangukia Sabato, maungamo yanafutwa?

Hayafutwi. Yom Kipur ya mwaka 2024 iliangukia Sabato na Vidui ilisemwa yote. Waashkenazi huacha baadhi ya maombi mengine, hasa Avinu Malkenu, hadi Neila.

Kwa nini Al Khet haipo kwenye Neila?

Neila husaliwa jua linapokaribia kutua, na orodha ndefu imeondolewa. Ashamnu inabaki, kisha sala nyingine inachukua nafasi: wewe, Mungu, unawanyoshea mkono waasi. Ndani yake linatajwa lengo la maungamo yote, nalo ni moja tu: "ili tuuache udhalimu wa mikono yetu". Katika makosa yote 44, sala ya mwisho imechagua mali ya watu iliyoko mikononi mwako. Mwenye duka wa mfano wetu, kama hakurudisha zile 40,000, hapa ndipo anapobanwa.

Baada ya mfungo kwisha, maungamo yamekwisha?

Mara tu baada ya Neila husaliwa Maariv ya siku ya kawaida, na baraka yake ya sita ni ya kuomba msamaha: utusamehe, Baba yetu, kwa kuwa tumekosa. Unagonga kifua kama siku nyingine yoyote. Wanaoona ajabu kuomba msamaha dakika chache baada ya siku nzima ya kuungama wasikilize jinsi Maariv hiyo inavyosomwa na watu wenye njaa.